Vipimo Kwanza, Oda Baadaye

Mchele umelowekwa tangu jana usiku, blenda iko mezani, na simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Mpishi ameshaitazama video ya vitumbua mwanzo hadi mwisho. Sasa anataka kujua jambo moja tu: tui ni kiasi gani? Mikono ina maji, kwa hiyo hana hamu ya kuirudisha video nyuma. Anagusa maelezo yaliyoandikwa chini yake.

Anakutana na haya: karibuni sana kwenye chaneli yetu, msisahau kusabskraibu, kulaiki, kukomenti na kushea, bonyezeni kengele msipitwe, tufuateni Instagram, Facebook na TikTok, kwa oda na matangazo pigeni namba hii. Inafuata mistari mitano ya linki, kisha jina la aliyetengeneza muziki. Vipimo vya vitumbua vipo, tena vimeandikwa kwa uangalifu, ila vimekaa chini kabisa, juu kidogo ya rundo la hashtegi. Mpishi mwenye mikono iliyolowa hafiki huko.

Maneno yanayomwomba mtu afanye jambo, kama ajiunge, aagize, apige simu au achangie, watu wa matangazo huyaita wito. Hakuna ubaya wowote katika wito. Mwenye chaneli amenunua mchele, gesi na bando kwa fedha yake, na pengine anauza vikaango ili kazi iendelee. Tatizo ni pale wito unapokaa mahali ambapo habari ilipaswa kukaa. Hapo hasara ni ya pande mbili, kwa sababu mtazamaji anakosa vipimo na muuzaji anampoteza mtu aliyekuwa karibu kabisa kununua.

YouTube humpa mwenye video nafasi ya herufi 5,000 za maelezo. Hizo ni nyingi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema alikosa pa kuandika. Kinachobana ni sehemu inayoonekana. Kwenye simu, maelezo huwa yamefungwa mpaka mtu ayaguse, na hata kwenye kompyuta huonekana mistari michache ya mwanzo tu. Mistari hiyohiyo husafiri bila mwenyewe. Mtu akinakili linki na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, hutokea picha ndogo, kichwa cha video, na mwanzo wa maelezo. Kama mwanzo huo unasema karibuni kwenye chaneli yetu, shangazi aliyeko Muscat anayesoma kundi hilo hajaambiwa chochote kuhusu vitumbua.

Kwa nini basi waandishi wengi wa maelezo hufanya hivyo? Mara nyingi si tamaa. Ni jinsi kazi inavyofanyika. Katika YouTube Studio kuna mahali pa kuweka maandishi ya kudumu yatakayojitokeza yenyewe kila video mpya inapopakiwa. Mtu huweka humo salamu, linki za mitandao na namba ya oda, na ni busara kufanya hivyo. Siku ya kupandisha video anakuta maandishi hayo yamekwisha kujaa kisandukuni, anashusha kidole mpaka chini, anaandika vipimo hapo, anabonyeza kuchapisha. Dawa yake ni ndogo: kuacha mistari miwili mitatu mitupu juu ya maandishi ya kudumu, na kuanza kuandika hapo juu kila mara.

Tuchukue mfano wa mpishi wa Tanga anayefundisha vitumbua vya mchele na kuuza vikaango vya chuma. Mstari wake wa kwanza ungeweza kuwa huu: Vitumbua vya mchele vikombe 2 na tui la nazi: vipimo, muda wa kuumua na namna ya kuchoma visigande kwenye kikaango. Ni herufi 115 ukihesabu na nafasi. Anayeusoma kwenye kundi la WhatsApp anajua chakula ni kipi, cha kiasi gani, na kwamba tatizo la kuganda, linalowasumbua wengi, limeshughulikiwa. Hakuna wito ndani yake, lakini ni mstari unaomfanya mtu afungue.

Chini ya huo vinakuja vipimo, kila kimoja kwenye mstari wake ili jicho lisitafute: mchele vikombe 2 uliolowekwa usiku kucha, tui zito kikombe 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Kisha sentensi moja ya maelezo: funika rojo likaumuke dakika 45 hadi saa 1, na kikaango kiwe kimepata moto sawasawa kabla ya kumimina.

Hapa ndipo pa wito.

Msomaji ametoka kusoma kuhusu kikaango. Kama hana, au alichonacho kinagandisha, haja imeamka sasa hivi, si dakika mbili zilizopita wala mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo sentensi inayofuata inasema: kikaango kilichotumika ni cha chuma kizito, mashimo 7, kwa walioko Tanga mjini na Dar es Salaam, oda ni WhatsApp, halafu linki. Wito huo wenyewe umebeba habari. Unataja chuma, idadi ya mashimo na mahali kinapofika, na mtu wa Bukoba anajua mara moja kwamba bado hajafikiwa. Ulinganishe na kwa oda piga namba hii. Oda ya nini? Ya vitumbua, ya kikaango, au ya kupikiwa shughuli?

Jambo hili la kuuweka wito mara tu baada ya habari inayouzaa ndilo kiini cha kazi yote. Fundi cherehani anayeonyesha namna ya kukata dira ataweka linki ya kuuza patani baada ya kutaja vipimo vya kifua na nyonga, pale ambapo msomaji ameanza kuogopa hesabu. Anayefundisha kufuga kuku ataweka tarehe za semina yake baada ya ratiba ya chanjo. Wito ukikaa hivyo hauhitaji herufi kubwa wala alama tatu za mshangao.

Na uwe mmoja. Ukimwomba mtu ajiunge, alaiki, akomenti, ashee, afuate kurasa tatu na aagize, umempa kazi nane, na asiyejua aanze na ipi huiacha yote. Wito wa kujiunga ndio unaoweza kuondoka kwanza, kwa kuwa kitufe chake kiko palepale pembeni ya jina la chaneli, machoni pa mtazamaji. Isitoshe, video yenyewe inaweza kuwekewa kadi za kufungia katika sekunde 5 hadi 20 za mwisho, na mojawapo ikawa ya kujiunga. Linki za mitandao mingine zibaki, ila chini kabisa, kama anwani nyuma ya bahasha.

Kuhusu linki ya WhatsApp, ipo namna ya kuiandika inayomsaidia muuzaji kujua mteja katokea wapi. Namba huandikwa kwa msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo, kisha huongezwa ujumbe utakaojitokeza tayari kwenye simu ya mteja:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Kikaango%20video%20ya%20vitumbua
```

Alama %20 inasimama badala ya nafasi kati ya neno na neno. Mteja akibonyeza, anakuta maneno Kikaango video ya vitumbua yameshaandikwa, anatuma tu. Mwisho wa mwezi muuzaji anahesabu jumbe zenye maneno hayo na kuzilinganisha na za video ya maandazi, ambayo ameipa maneno yake. Inafaa linki hiyo ijaribiwe kwa simu nyingine kabla ya kutangazwa, maana kwenye chaneli ambayo haijathibitishwa kikamilifu linki za nje huweza kubaki maandishi yasiyobonyezeka. Katika video fupi za Shorts hali ni ngumu zaidi: tangu tarehe 31 Agosti 2023 linki zilizo kwenye maelezo yake hazibonyezeki kwa chaneli yoyote. Huko, badala ya kuweka linki ya oda, mwenye chaneli huiunganisha video fupi na ile ndefu, na wito unabaki kwenye maelezo ya ile ndefu.

Baada ya wito zinafuata nyakati za video, ili anayetaka sehemu ya kuchoma tu aende moja kwa moja. Hapa kuna sharti linalowaponyoka wengi. Orodha lazima ianze na 0:00, iwe na nyakati tatu au zaidi zilizopangwa kwa mfuatano, na kila sehemu iwe na sekunde 10 au zaidi. Mtu akianza na 0:12 kwa kuwa hapo ndipo salamu zinapoishia, video haigawanyiki.

Kuna maelezo ambayo utaratibu huu hugeuka. Video ya kumchangia mgonjwa, au tangazo la semina yenye nafasi chache, wito wake ndio habari yenyewe, na kuusogeza chini kungekuwa kuficha. Hata hapo, maneno changia sasa hayatoshi kuwa mstari wa kwanza. Mtu anataka kujua ni nani anayechangiwa, kwa ajili ya matibabu gani, hadi lini, na fedha inapokelewa na nani. Ukiyaweka hayo pamoja na namba katika mistari ya juu, hutakuwa umeficha chochote.

Njia rahisi ya kugundua kama habari imezikwa ni kusoma komenti. Watu watano wakiuliza tui kiasi gani, na jibu limo kwenye maelezo, kosa si la watu hao watano. Wengine wakiuliza kikaango kinapatikana wapi, wito nao umekaa pabaya, au haukueleza. Maswali hayo mawili yakiondoka kwa wiki kadhaa huku jumbe za oda zikiendelea kuingia, mpangilio umekubali.

Video za zamani pia hurekebishika. Kubadilisha maelezo hakuifuti video, hakupunguzi idadi ya waliotazama, wala hakuharibu linki iliyokwisha kusambaa. Mpishi wetu wa Tanga mwenye video mia hana haja ya kukesha. Aingie kwenye takwimu za chaneli, aone ni zipi kumi ambazo watu bado wanazifikia kwa kuzitafuta, aanze na hizo. Ya vitumbua huenda ikawa ya kwanza, hasa Ramadhani inapokaribia.