Kabla ya kutia sahihi ofa ya kampuni changa, hesabu miezi

Ukisimama Kawangware 56 saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utaona watu wakielekea Lavington na Kilimani kwa miguu. Upande wa Kibera ni vivyo hivyo: wanatoka Makina na Olympic, wanapanda kuelekea Barabara ya Ngong. Wengi wanaenda mjengo, kulinda mageti au kazi za nyumba. Lakini kati yao siku hizi kuna vijana wenye kompyuta kwenye begi, manake tangu iHub ifunguliwe Barabara ya Ngong mwaka 2010, kampuni changa za teknolojia, zile tunaziita stataapu, zimezidi kuongezeka mitaa hiyo.

Sasa tuseme moja ya kampuni hizo imekuita. Barua ya ofa inasema mshahara 60,000 kabla ya makato, na chini yake kuna mstari unaosema utapewa pia "hisa asilimia 0.1". Kwa sasa uko duka la jumla pale Kawangware, unapata 38,000 mkononi kila mwezi bila kukosa. Utaacha?

Watu wengi hulinganisha mshahara na mshahara kisha wanatia sahihi. Swali kubwa zaidi ni la miezi: pesa ya kampuni itakaa miezi mingapi, hisa zako zitaanza kuwa zako mwezi wa ngapi, na wewe mwenyewe unaweza kukaa miezi mingapi bila mshahara. Ukiwa na hizo hesabu tatu mbele yako, utaiona ofa tofauti kabisa.

Hesabu ya kwanza: pesa ya kampuni

Kampuni changa nyingi bado hazijapata faida. Zinaishi kwa pesa ya mwekezaji, na kila mwezi pesa hiyo inapungua. Ndiyo maana mwajiri anaweza kukuambia wana milioni kadhaa benki na isikusaidie kitu, mpaka ujue kwa mwezi wanatumia ngapi.

Tuchukue mfano wa kampuni iliyo na milioni 18 benki. Kila mwezi inatumia milioni 2.6 kwa mishahara, ofisi na matangazo, na wateja wanaiingizia 600,000. Kwa hiyo kila mwezi milioni 2 zinapotea. Gawanya 18 kwa 2, unapata miezi 9. Lakini kumbuka wanaajiri watu wanne, ukiwemo wewe. Kama kila mmoja atagharimu karibu 75,000, pesa inayopotea inafika milioni 2.3 kwa mwezi. Miezi 9 imekuwa chini kidogo ya 8, hata kabla hujaonyeshwa kiti chako.

Kwa hiyo kwenye mahojiano, ukiambiwa una swali, uliza hivi: "Kwa matumizi ya sasa, pamoja na sisi mnaotuajiri, pesa iliyo benki inatosha miezi mingapi?" Kisha uliza kama pesa hiyo imeshaingia au imeahidiwa tu. Kuna wawekezaji wanaotoa pesa kwa awamu, na awamu ya pili huja tu kampuni ikifikisha lengo fulani. Mwenye kampuni anayejua kazi yake hatakasirika. Hesabu hiyo huwa anayo kichwani, kwa sababu mwekezaji naye humuuliza. Akizunguka, akianza hadithi za ndoto na familia moja, hilo ni jibu pia.

Na usidanganyike na ukubwa wa pesa inayotangazwa kwenye habari. Kune, kampuni ya kuuza chakula kilichopikwa hapa Nairobi, ilitangaza mwezi Juni 2021 kwamba imepata dola milioni 1. Juni 2022 ilifunga. Ilishindwa kupata pesa ya awamu iliyofuata wakati bei ya chakula ilikuwa inapanda na faida kwa kila sahani inapungua. Copia, iliyopokea oda za bidhaa kupitia mawakala wenye maduka, ilichangisha zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka kadhaa. Mwezi Mei 2024 iliwapa wafanyakazi zaidi ya 1,000 notisi ya kupunguzwa kazi, na mwezi huo huo ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Mfuko mkubwa wenye shimo kubwa bado unaisha.

Hesabu ya pili: hisa zako

Ile asilimia 0.1 kwenye barua mara nyingi si hisa bado. Ni haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo, na haki yenyewe huja polepole. Mpango wa kawaida ni miaka 4, na mwaka wa kwanza hupati chochote mpaka umalize miezi 12. Ukiondoka au ukiondolewa mwezi wa 11, unatoka mikono mitupu.

Sasa weka hesabu hizi mbili pamoja. Pesa ya kampuni inatosha miezi 8. Hisa zako zinaanza mwezi wa 12. Maana yake, kama kampuni haitapata mwekezaji mwingine au wateja wengi zaidi katikati, hizo hisa ni sifuri. Angalia tena Kune: kati ya kutangaza pesa na kufunga kulikuwa na mwaka mmoja tu.

Na hata kampuni ikifaulu kufika huko, fanya hesabu ya pili. Wanakuambia kampuni ina thamani ya milioni 200, kwa hiyo 0.1 yako ni shilingi 200,000. Kwa miaka 4, hiyo ni kama 4,200 kwa mwezi, na huwezi kwenda nayo kwa wakala kuitoa. Utapata pesa siku kampuni itakaponunuliwa, au mtu akikubali kununua hisa zako. Siku hiyo kuna foleni. Mikataba mingi ya wawekezaji inasema wao warudishiwe pesa zao kwanza. Kama waliweka milioni 30 na kampuni ikauzwa milioni 40, wanatoa 30 zao, zinabaki 10 za kugawa. Asilimia 0.1 ya milioni 10 ni shilingi 10,000. Ikiuzwa milioni 30, wewe hupati kitu.

Hiyo haimaanishi hisa ni uongo. Kuna watu duniani walinunua nyumba kwa hisa kama hizo. Ila kwenye uamuzi wa leo, zihesabu kama tikiti ya bahati nasibu uliyopewa bure: ikishinda vizuri, lakini kodi ya nyumba usiipangie hapo. Na kabla ya kuikubali, pata kwa maandishi mambo matatu: idadi ya hisa zako na jumla ya hisa zote za kampuni, bei utakayonunulia, na ukiondoka una siku ngapi za kuzinunua. Mara nyingi ni siku 90, na mtu aliyepoteza kazi hana pesa ya kununua hisa.

Hesabu ya tatu: mfuko wako

Hapa ndipo wewe una nguvu kuliko mwajiri. Kwenye 60,000, ukitoa PAYE, NSSF, SHA na ushuru wa nyumba, mkononi unabaki na karibu 45,300. Kazi ya zamani ilikuwa 38,000, kwa hiyo umeongeza kama 7,300.

Tuseme matumizi yako yote ni 30,000: kodi, chakula, tokeni za stima, maji ya mtungi, chama, na kile unachomtumia mama nyumbani. Ukishikilia hapo hapo, unaweka 15,300 kila mwezi. Baada ya miezi 8 una 122,400, yaani miezi 4 ya kuishi bila mshahara. Kampuni ikifunga siku hiyo, una muda wa kutafuta kazi bila kuomba mtu.

Lakini tuseme mshahara wa kwanza uliingia ukahamia chumba kikubwa zaidi, ukachukua sofa kwa mkopo, matumizi yakafika 42,000. Baada ya miezi 8 una 26,400. Haikutoshi hata mwezi mmoja. Kazi ni ile ile, kampuni ni ile ile. Tofauti ni kwamba wa kwanza alijua mshahara huu una tarehe ya mwisho.

Kwa hivyo weka akiba siku ile ile mshahara unapoingia, kwenye akaunti ya kufungwa, kabla hujaanza kutumia. Na usichukue mkopo ambao muda wake wa kulipa ni mrefu kuliko miezi iliyobaki ya kampuni.

Ukishaingia, angalia nini

Dalili huonekana kwenye simu yako kabla ya tangazo lolote. Mshahara uliokuwa unaingia tarehe 28 unaanza kuingia tarehe 5, halafu unakuja nusu nusu. Ujumbe wa malipo uliokuwa na jina la kampuni sasa una jina la mtu, manake bosi anatuma kutoka laini yake. Angalia pia kama makato yanafika yanakopaswa: piga *147# uone hali yako ya SHA, na uangalie michango yako ya NSSF. Kampuni ikiishiwa, makato ndiyo huchelewa kwanza kwa sababu wafanyakazi hawayaoni. Hifadhi kila ujumbe wa malipo na kila karatasi ya mshahara, utazihitaji ukienda kudai kwa afisa wa kazi.

Sheria inakulinda, lakini kwa kipimo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukipunguzwa kazi upewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na fidia ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Wewe wa miezi 8 huna mwaka uliomaliza. Ukiwa kwenye majaribio, notisi ni siku 7 tu. Na kampuni ikifilisika, mishahara ya hadi miezi 4 ya nyuma inapewa kipaumbele, lakini isiyozidi 200,000 kwa mtu, na bado lazima kuwe na kitu cha kugawa.

Ndiyo maana mazungumzo hufanywa kabla ya sahihi. Ukiona miezi ya kampuni ni michache kuliko 12, omba wapunguze hisa na waongeze mshahara. Omba notisi ya miezi miwili iandikwe kwenye mkataba, hata kwa kipindi cha majaribio. Na kama hawataki kukuambia miezi ni mingapi, muulize mtu anayefanya kazi pale, au aliyetoka juzi, mshahara wake wa mwisho uliingia tarehe ngapi. Ukipata jibu hilo, ndipo uamue kama lile duka la jumla utaliacha.