Sura ya Saba: Barua Ilifika Lini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inataka notisi ya kuachishwa kazi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Haisemi kwamba ni lazima iwe karatasi. Ujerumani wamelimaliza jambo hili mapema: kwao baruapepe ya kumwachisha mtu kazi ni batili, hata iwe na saini nzuri kiasi gani. Kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaipokea baruapepe kama ushahidi, kisha inauliza kama inaaminika: imetoka kwa nani, na imehifadhiwa vipi. Kwa hiyo ugomvi mara nyingi hauwi juu ya karatasi, bali juu ya siku.

Chukua mfano wa kubuni. Tarehe 3 Juni jioni, ofisa utumishi anatuma barua iliyosainiwa na kuskaniwa kwenye anwani ya kazini ya mhasibu: ajira inakoma leo, malipo ya notisi yatafuata. Usiku huohuo fundi wa kompyuta anaifunga akaunti ya mhasibu, kama ilivyo desturi. Barua imefika mahali ambapo mwenyewe hawezi tena kuingia. Anapata nakala ya karatasi tarehe 14, na tarehe 10 Julai anapeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wa kulalamikia kuachishwa ni siku 30. Ukihesabu kutoka tarehe 3 amechelewa, zimepita 37; ukihesabu kutoka tarehe 14 ni 26, yumo ndani. Mwajiri anaonyesha ujumbe wa “imefika”, lakini huo ni mashine kuijulisha mashine. Akichelewa, mhasibu atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu.

Karatasi ingewaepusha na haya kwa gharama ndogo: nakala mbili, mfanyakazi anasaini ya pili na kuandika tarehe na saa kwa mkono wake. Akikataa, usimsihi wala usimtishe. Mkabidhi mbele ya shahidi, mwandike kwenye nakala kwamba amekataa kusaini, shahidi aweke jina na saini. Kusaini ni kukiri kupokea, si kukubali kilichoandikwa. Wengi hukataa kwa kuwa hawajaelezwa hivyo, na mimi nawaelewa.

Aliye mbali mtumie baruapepe kwenye anwani yake binafsi, umwombe ajibu kwamba ameipata. Jibu lake lina nguvu kuliko alama yoyote ya kusomwa. Ujumbe wenyewe uhifadhi ulivyo, si picha ya skrini tu, na karatasi ifuate kwa rejista ya posta. Kabla ya kutuma, fungua pia daftari la likizo: aliye likizoni hapewi notisi kisheria, na simu yake hupokea baruapepe hata akiwa kijijini kwao.