Kutunga Fumbo la Kwanza: Tupe Mji!

Katika kitendawili cha jioni, aliyeshindwa huambiwa, “Nipe mji,” naye hulazimika kutaja mji ili apewe jawabu. Leo, ndugu msomaji, tutafanya kinyume chake. Mji tunao tayari, na kazi yetu ni kuufumba.

Katika chemsha bongo ya kawaida, kidokezo hueleza maana ya neno tu. Katika fumbo lenye hila, kidokezo huwa na pande mbili: upande mmoja hutoa maana ya jawabu, na wa pili hueleza namna neno lenyewe lilivyojengwa. Njia nyepesi kuliko zote ya kujenga ni kuunga maneno mafupi yakawa neno refu. Kiswahili kinaifaa sana njia hii, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu na neno hukatika pasipo taabu.

Tuanze na jawabu, wala si na kidokezo. Nani asiyetamani kuanza na DODOMA yenyewe? Tukiikata tunapata DODO, lile embe kubwa, lakini linabaki MA, ambalo peke yake halina maana ya kumsaidia mfumbuzi. Tuiache. CHANG'OMBE, mtaa wa mjini humo humo, inakatika vizuri kuwa CHA na NG'OMBE. Lakini jina lenyewe linamtaja ng'ombe waziwazi, hivyo hakuna kilichofichwa. Vipande vizuri ni vile visivyo na udugu na jawabu.

Sasa tutazame MTUMBA, mashariki mwa Dodoma, ulipojengwa Mji wa Serikali uliozinduliwa mwaka 2019, miaka mingi baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Tukikata katikati tunapata MTU na MBA. Mtu ni binadamu. Mba ni yale maradhi ya ngozi yanayoacha magamba meupe, hasa kichwani. Herufi tatu na tatu, jumla sita, wala hakuna iliyobaki nje. Hapo tumepata.

Mtumba pia ni mzigo wa nguo, na mtungaji mgeni atavutiwa kuandika hivi: “Binadamu mwenye maradhi ya ngozi ni mzigo wa nguo (6).” Kwa hesabu ya herufi hakuna kosa. Lakini isome kama msomaji asiyejua jawabu: kwanza haina mantiki, na pili, ukiondoa neno “nguo” ili ipate mantiki, inamtukana mgonjwa. Ukurasa unaosomwa na baba, mama na watoto haustahili sentensi hiyo. Basi turudi kwenye mji.

Jaribio la pili: “Binadamu apata maradhi ya ngozi katika mji wa Serikali (6).” Sentensi hii inasomeka vizuri mno, lakini ina mtego usio wa haki. Neno “katika” humwambia mfumbuzi mzoefu kwamba neno moja limeingizwa ndani ya jingine, naye ataanza kupasua maneno bure. Kila neno katika kidokezo lazima liwe na kazi, na kazi hiyo iwe ya kweli.

Jaribio la tatu: “Binadamu atangulia, maradhi ya ngozi yafuata: mji wa Serikali (6).” Hapa “atangulia” na “yafuata” yanaonyesha mpangilio wa vipande, na baada ya nukta mbili inakuja maana ya jawabu. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua, na sentensi inasomeka kama habari ya mji unaokua.

Kabla ya kukitia kidokezo katika miraba, mpe jirani akifumbue bila kumsaidia. Akipata jawabu, mwombe aeleze kila neno. Akisema, “Nimebahatisha tu kwa sababu ya mji,” basi ule upande wa kuunga haukumfikia, pengine kwa kuwa halijui neno mba. Hapo badili maelezo, useme “magamba ya kichwani.” Akileta jawabu jingine lenye herufi sita linalotimiza kila neno, kosa ni lako, si lake. Wala usikitumie kipande cha MBA mara mbili katika fumbo moja, maana mfumbuzi akikipata mara ya kwanza, ya pili anaokota bure.

Lakini hili si fumbo zima, ni zoezi la nyumbani tu. Kwa hiyo tunawaachia hiki, ambacho mfumbuzi wa leo hatashindwa: “Kusudi, kisha maradhi ya ngozi: ala ya muziki ya Wagogo (6).” Atakayeshindwa, atupe mji.