Maji ya mkonge wa Ngombezi na hila ya kuchemsha spiriti bila kuunguza dawa

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

JANI la mkonge linapopita kwenye korona, nyuzi zinazobaki ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni majimaji na makapi ya kijani, na yeyote aliyefika katika mashamba ya Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe, anaifahamu harufu yake.

Ndani ya uchafu huo kuna kemikali ziitwazo saponini. Ukizitenganisha na sukari yake kwa kutumia asidi unapata hekojenini, ambayo tangu miaka ya 1950 Waingereza waliitumia kama malighafi ya kutengenezea dawa za jamii ya kotizoni. Lakini mtafiti anayetaka kuzichunguza saponini zenyewe huloweka makapi katika spiriti, huchuja, kisha hubaki na swali moja gumu: spiriti hiyo ataiondoaje?

Kuichemsha jikoni si jibu. Spiriti huchemka katika nyuzijoto 78, na kwa muda wa saa kadhaa joto hilo linaweza kuharibu vitu vingine vilivyomo ndani ya dondoo. Si kila kitu huharibika; hekojenini, kwa mfano, ni sugu. Lakini mwaka 1971 mtafiti wa China, Tu Youyou, alipata dondoo yenye nguvu dhidi ya malaria kutoka mmea wa artemisia baada ya kuacha joto kali na kutumia etha, inayochemka katika nyuzijoto 35 hivi. Mmea ulikuwa ule ule.

Njia ya maabara ni kupunguza mgandamizo wa hewa badala ya kuongeza moto. Mashine inayofanya hivyo, rotavapa, huizungusha chupa ya duara ndani ya beseni la maji ya moto huku pampu ikinyonya hewa. Mzunguko huutandaza uowevu kuwa utando mwembamba ukutani mwa chupa, nao mvuke hupanda hadi kwenye kipozeo na kudondokea chupa ya pili.

Hewa ya kawaida ina mgandamizo wa milibari 1,000 hivi. Ukiushusha hadi 105, spiriti huchemka katika nyuzijoto 30 tu. Wakemia huacha pengo la nyuzi 20 kila upande: beseni 50, mvuke 30, maji ya kipozeo 10.

Hapo ndipo Korogwe inapotofautiana na Ulaya. Maji ya bomba yakiwa na nyuzijoto 25, ukilinda pengo lile lile mvuke utapaswa kuwa 45 na beseni 65, yaani joto lile lile ulilokuwa ukilikimbia. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: ndoo ya barafu na pampu ndogo ya kuyazungusha maji yake.

Sasa tuchukue mililita 300 za dondoo ya mkonge. Chupa iwe ya lita moja, isijazwe hata nusu, kwa sababu saponini hutoa povu kama sabuni. Anza kuizungusha, kisha shusha mgandamizo polepole, hadi 200 kwanza, na kusubiri. Kosa linalowaponza wengi ni kuipasha chupa moto kwanza ndipo wafungulie pampu kwa ghafla. Uowevu unakuwa tayari na joto lipitalo kiwango chake kipya cha kuchemka, na hulipuka wote kwa mkupuo hadi ndani ya kipozeo.

Ajali hiyo hujitangaza yenyewe. Spiriti inayodondoka inapaswa kuwa angavu kama maji. Ikiwa na rangi ya kijani au kahawia, dondoo imevuka. Si lazima iwe imepotea, kwani kipozeo kikisuuzwa kwa spiriti safi inaweza kurudishwa chupani, ila tu kama mashine ilisafishwa kabla. Vinginevyo mabaki ya kazi ya jana yamechanganyika na ya leo.

Povu likianza kupanda shingoni, fungua kidogo vali ya hewa. Mgandamizo utapanda, povu litaanguka, nawe utaanza upya taratibu.

Hatari kubwa zaidi huja mwishoni, na mara nyingi haionekani. Spiriti inapochemka huondoka na joto, hivyo dondoo hubaki karibu na 30 ingawa beseni ni 50. Spiriti ikiisha, kinga hiyo nayo imekwisha, na masalia hupanda hadi joto la beseni. Kama spiriti ilikuwa na maji, yatabaki chupani na povu litazidi, nayo huhitaji milibari 42 ili yachemke katika nyuzijoto 30. Ndiyo maana mwenye uzoefu huinua chupa kutoka kwenye beseni mara matone yanapopungua, na maji yaliyosalia huyaondoa kwa kuyagandisha kisha kuyakausha katika ombwe.