Kabla ya Kusaini Mkataba wa Ruzuku

Asasi ndogo inapopata ruzuku, viongozi husoma kwanza kiasi cha fedha. Tunashauri msome kwanza vifungu vitatu: taarifa, matumizi yanayokubalika na urejeshaji wa fedha. Vifungu hivi hufanya kazi pamoja.

Tuchukue mfano wa asasi iliyopewa shilingi 24,000,000 kwa awamu tatu, kwa mradi unaoishia tarehe 30 Juni. Mkataba unadai taarifa ya utekelezaji na taarifa ya fedha ndani ya siku 30 baada ya kila robo mwaka, na awamu inayofuata hulipwa baada ya mfadhili kuikubali taarifa. Hapa ulizeni: mfadhili atajibu ndani ya siku ngapi? Mkataba usipotaja muda huo, taarifa inaweza kukaa mezani kwake huku mishahara ya watumishi ikiendelea kudaiwa.

Matumizi hukubalika yakiwa yamo katika bajeti, yamefanyika ndani ya muda wa mradi na yana stakabadhi. Asasi yetu ilitengewa shilingi 2,000,000 za usafiri. Mkataba uliruhusu kuzidisha kifungu chochote cha bajeti kwa asilimia 10 tu bila kibali cha maandishi, yaani hadi shilingi 2,200,000. Asasi ilitumia shilingi 2,600,000. Aidha, tarehe 3 Julai ilinunua kompyuta ya shilingi 900,000. Kompyuta ilikuwamo katika bajeti, lakini muda wa mradi ulikuwa umekwisha. Mfadhili alikataa shilingi 400,000 za usafiri na 900,000 za kompyuta, jumla shilingi 1,300,000. Hakuna aliyeiba, kilichokosekana ni barua ya kuomba kibali na ununuzi uliofanywa mapema.

Je, asasi itarejesha kiasi gani? Hilo hutegemea maneno ya kifungu cha tatu. Kikisema kwamba mpokeaji atarejesha matumizi yaliyokataliwa na fedha zisizotumika, deni ni shilingi 1,300,000 pamoja na salio lolote. Kikisema kwamba kwa uvunjaji wowote wa mkataba mfadhili anaweza kudai ruzuku yote, deni laweza kufika shilingi 24,000,000, ambazo zimekwisha kulipwa kwa mafundi na wauzaji.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, ombeni kwa maandishi mambo mawili: asasi ipewe notisi na siku 30 za kurekebisha kosa, na urejeshaji ukomee kwenye fedha zilizotumika kinyume cha mkataba, isipokuwa pakiwa na udanganyifu. Mfadhili akikubali kwa mdomo, msisaini hadi maneno hayo yaingizwe katika mkataba wenyewe. Akikataa, bodi ikae na kuamua, ikijua kiasi ambacho asasi inaweza kudaiwa.