Delta Sifuri, Hasara Tele

Mwishoni mwa mwaka 1994, Nick Leeson, mfanyakazi wa benki ya Kiingereza ya Barings huko Singapuri, alikuwa akiuza opsheni za fahirisi ya hisa za Japani, Nikkei 225. Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyopangwa. Muuzaji hupokea malipo leo, kisha hubeba mzigo wa litakalotokea. Leeson aliuza haki ya kununua na haki ya kuuza kwa pamoja. Soko likitulia, malipo yote ni yake. Likikimbia upande wowote, anaumia.

Tutazame mkataba wa aina hiyo kwa hesabu ya mfano. Tuseme fahirisi iko 19,000, mkataba una siku 21 za soko, na kwa kawaida soko hutikisika asilimia 1 kwa siku. Muuzaji wa jozi hiyo hupokea takriban pointi 695.

Sasa meneja anataka kujua thamani iliyo hatarini, yaani kiwango cha hasara ambacho kinatarajiwa kuvukwa siku moja tu katika mia. Njia ya haraka hutumia delta, kipimo cha jinsi bei ya opsheni inavyosogea fahirisi inaposogea pointi moja. Fahirisi ikipanda pointi moja, haki ya kununua hupanda karibu nusu pointi, na haki ya kuuza hushuka karibu nusu. Zinafutana. Delta ya jozi ni karibu sifuri, kwa hiyo hesabu inatoa jibu kwamba hatari nayo ni karibu sifuri. Jibu hilo ni la uongo, ingawa hakuna aliyekosea kujumlisha.

Kosa limo katika kuichukulia delta kana kwamba haibadiliki. Fahirisi ikianguka pointi 1,000, haki ya kuuza huwa nzito na haki ya kununua hufifia, hata kila pointi inayoendelea kushuka humgharimu muuzaji kama robo tatu ya pointi. Kasi hiyo ya delta kubadilika huitwa gama. Kwa aliyeuza opsheni, gama daima humwelemea: soko linavyozidi kwenda mbali ndivyo hasara inavyoongezeka kwa kasi. Delta huchora mstari ulionyooka mahali ambapo hasara hupinda, na mpindo huo huonekana hasa kwenye mkia, kwenye zile siku chache mbaya ambazo kipimo kiliundwa kuzikamata.

Tukiacha njia ya mkato na kukokotoa upya bei ya kila opsheni kwa kila hali ya soko, thamani iliyo hatarini inakuwa kama pointi 92 badala ya sifuri. Bado hiyo ni mlango tu wa mkia. Haielezi kilichomo ndani. Wastani wa hasara ya mkiani ndio unaojibu swali hilo: katika ile siku moja mbaya kati ya mia, tutapoteza kiasi gani kwa wastani? Hapa ni kama 120. Kwa sababu hiyo Kamati ya Basel, katika kanuni zake za mwaka 2016 kuhusu hatari za soko, iliiacha thamani iliyo hatarini na kuchukua wastani huo, ikiupima kwenye asilimia 2.5 ya matokeo mabaya zaidi.

Hata 120 hiyo ina mpaka wake, kwa kuwa inategemea dhana kwamba soko hutikisika kwa utaratibu. Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe. Januari 23 Nikkei ilianguka zaidi ya pointi 1,000 kwa siku moja. Kwa jozi yetu, anguko la pointi 1,000 ni hasara ya kama 405. Na hofu hupandisha bei za opsheni zenyewe: soko likianza kutarajia mtikisiko wa asilimia 1.5 kwa siku, hasara hufika 620. Delta haioni hofu hiyo kabisa.

Barings ilianguka Februari 1995, ikiwa imepoteza pauni milioni 827. Sehemu kubwa ilitokana na mikataba ya kununua fahirisi ambayo Leeson aliendelea kuirundika, na yote aliyaficha katika akaunti namba 88888. Hakuna kipimo kinachoweza kupima kilichofichwa. Lakini mikataba iliyo wazi hujitangaza: linganisha faida na hasara ya kila siku na ile iliyotabiriwa na delta. Ukiona soko likisogea sana, juu au chini, na kila mara hasara inazidi utabiri, basi fungu hilo limeuza gama.

Kwa hiyo ukiwa mjumbe wa bodi ya benki au ya mfuko wa pensheni, na ukaletewa ripoti ya opsheni yenye hatari ndogo mno, uliza kwanza kama bei zimekokotolewa upya au ni delta tu. Kisha omba hasara ya siku ambayo soko limeanguka asilimia 5 na mtikisiko umeongezeka kwa nusu.