Sahihi Iliyobeba Karatasi Yake

Katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alinionyesha barua aliyoiandaa kwenye kompyuta. Sahihi yake ilikaa ndani ya kisanduku cheupe kilichofunika nusu ya mstari wa nukta. Alidhani amebandika sahihi, kumbe amebandika na karatasi yake.

Tukaanza upya. Alitia sahihi kwa wino wa bluu kwenye karatasi tupu, tukaiskani kwa rangi, nukta 600 kwa inchi. Skana ilikuwa imewekwa kwenye nyeusi na nyeupe tupu, nikaibadilisha, kwa sababu hapo kila nukta hulazimishwa kuwa ama wino ama karatasi, na kingo za mstari hutoka na meno kama ya msumeno.

Wengi huchagua weupe wote na kuufuta. Sahihi hubaki na ukungu mweupe pembeni, kwa kuwa pikseli za ukingoni ni nusu wino, nusu karatasi, na kifutio hakijui kuzigawa. Kinachotakiwa ni kila pikseli iwe wazi kwa kadiri ya karatasi iliyomo. Katika programu ya bure ya GIMP, kazi hiyo hufanywa na `Colors > Color to Alpha`, rangi ya kuondoa ikiwa nyeupe.

Ila karatasi iliyoskaniwa si nyeupe hasa. Kwa hiyo tulitangulia `Colors > Levels`, tukavuta kishale cha kulia kuelekea kushoto, kutoka 255 hadi kama 228, karatasi ikang'aa. Ukiruka hatua hii, utabaki utando wa kijivu usiouona hadi uchapishe. Ukizidisha, mikia myembamba ya sahihi hukatika. Sisi tuliweka tabaka jekundu chini ya picha, maana juu ya rangi kali uchafu haujifichi.

Muhuri ndio uliotusumbua. Kwenye barua ya zamani, muhuri wa bluu ulikuwa umegongwa juu ya sahihi nyeusi. Sahihi ilipatikana kwa `Colors > Components > Extract Component`, tukachagua `RGB Blue`: humo wino wa bluu hufifia, mweusi hubaki. Kuutoa muhuri peke yake hakukuwezekana vizuri, kwani pale mistari ilipopishana weusi umeumeza ubluu. Tuligonga muhuri upya kwenye karatasi tupu, dakika moja tu.

Faili ihifadhiwe kama PNG. JPEG haina uwazi, kisanduku cheupe kitarudi. Kwenye Word, picha iwekwe `In Front of Text` ndipo iukalie mstari.

Katibu alipofurahi nilimwonyesha jambo moja: nilibofya sahihi yake ndani ya barua ile, nikainakili, nikaibandika kwenye ukurasa mwingine. Sekunde tatu. Akanyamaza. Barua za mialiko sasa huzitia sahihi hiyo. Fomu za mikopo bado anazisaini kwa mkono.